Dawa ya Kichwa Inapoendeleza Maumivu ya Kichwa

Wako watu katika vijiji vyetu ambao hawaendi shambani bila vidonge vya kichwa. Akina mama huvifunga katika pindo la khanga. Akina baba huvitia katika mfuko wa shati. Ukiwauliza, watakwambia kichwa kinawauma karibu kila siku, na bila kidonge hawawezi kushika jembe. Katika ukurasa huu tunaeleza jambo ambalo wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza. Kwa baadhi ya watu hao, vidonge wanavyomeza ili kutuliza kichwa ndivyo vinavyofanya kichwa kiendelee kuuma.

Hatusemi kuwa panadoli ni sumu. Mtu akiumwa kichwa leo, akameza vidonge viwili, kisha akakaa wiki mbili bila kumeza tena, dawa hiyo imemsaidia wala haikumdhuru. Tunasema habari ya mtu anayemeza mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja, tumwite Mama Rehema. Mama huyu ana miaka 38. Anakaanga vitumbua na kuuza penye kituo cha basi. Tangu alipokuwa msichana alikuwa na ugonjwa wa kipandauso. Kila mwezi ulimshika mara mbili au tatu. Upande mmoja wa kichwa uligonga kama ngoma, mwanga ulimchoma macho, na mara nyingine alitapika. Alilala katika chumba chenye giza, na kesho yake aliamka mzima. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka mingi.

Kisha akaanza biashara ya vitumbua. Aliamka saa tisa za usiku. Usingizi ulipopungua, kipandauso kilianza kuja mara nyingi zaidi. Akanunua vidonge dukani, akapata nafuu, akaendelea na kazi. Baadaye akaanza kumeza kabla kichwa hakijauma, maana alisema, "Afadhali nikizuie mapema, unga nimekwisha uumua." Baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamebadilika sura. Hayakuwa tena ya upande mmoja, wala hayakuja na kuondoka. Yalikuwa maumivu mazito ya kichwa kizima, yaliyomngoja kitandani kila alfajiri. Alimeza vidonge viwili, maumivu yakapungua mpaka adhuhuri, jioni yakarudi.

Msomaji, angalia jambo hili la alfajiri. Kwa nini kichwa kilimuuma zaidi wakati wa kuamka, wakati hajafanya kazi yo yote? Usiku hakumeza kidonge. Dawa ya jana ilikuwa imekwisha mwilini. Hii si dalili ya kutosha peke yake, maana yako magonjwa mengine yanayoumiza kichwa asubuhi. Lakini kwa mtu anayemeza vidonge kila siku ni jambo la kuulizia.

Mama Rehema alikwenda zahanati akidhani ana presha. Tabibu alimpima presha, ikawa sawa. Akampima malaria, hakuna. Akamtazama macho na shingo, akamwuliza kama mkono au mguu unakufa ganzi. Kisha akauliza swali ambalo mama hakulitazamia.

"Mama, katika mwezi mmoja, unameza dawa ya kichwa siku ngapi?"

"Daktari, mimi simezi nyingi. Viwili tu asubuhi, basi. Wala sizidishi."

"Sikuulizi vidonge vingapi. Nakuuliza siku ngapi."

Hapo ndipo penye shina la habari hii. Sisi sote tumezoea kuogopa kumeza vidonge vingi kwa mara moja, na hofu hiyo ni ya haki. Mtu mzima hapaswi kupita vidonge 8 vya panadoli vya miligramu 500 kwa siku nzima, maana ini lake litaumia. Lakini kwa ugonjwa tunaoueleza, kinachohesabiwa hasa ni siku. Mtu anaweza kumeza vidonge viwili tu kwa siku, kipimo halali kabisa, na bado akaupata kwa sababu anafanya hivyo karibu kila siku.

Waganga wa magonjwa ya kichwa wameweka mipaka. Mtu ambaye kichwa kinamwuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, naye amekuwa akimeza dawa za maumivu kupita kiasi kwa zaidi ya miezi mitatu, hudhaniwa kuwa na ugonjwa huu. Kupita kiasi maana yake ni nini? Kwa dawa za namna moja, kama vile panadoli peke yake, aspirini peke yake, ibuprofeni au diklofenaki, ni siku 15 au zaidi katika mwezi. Kwa vidonge vya mchanganyiko, yaani dawa mbili au tatu za maumivu ndani ya kidonge kimoja, mara nyingi pamoja na kafeini ile ile iliyomo katika chai na kahawa, mpaka ni siku 10 tu. Dawa kali kama kodeini na tramadoli nazo mpaka wake ni siku 10.

Vidonge hivi vya mchanganyiko vina majina mengi na karatasi za rangi za kupendeza. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, "Hii sikuizoea, nimebadilisha," kumbe ndani ni dawa ile ile. Mwombe muuza dawa katika duka la dawa muhimu akuonyeshe maandishi madogo. Wewe uliyejifunza kusoma, soma mwenyewe yaliyo chini ya jina kubwa. Na sindano ya maumivu pia ni dawa ya maumivu. Siku ya sindano nayo ihesabiwe.

Sasa tueleze jinsi inavyotokea. Maumivu ya kichwa hupita katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Ubongo wenyewe una namna yake ya kupunguza maumivu, kama mtu anavyopunguza utambi wa taa. Tufikirie mbwa mlinzi wa nyumba. Mbwa mzuri hubweka mwizi anapokuja, akinyamaza mambo yakitulia. Maumivu ni kubweka kwake. Dawa inamnyamazisha kwa saa chache. Lakini akinyamazishwa hivyo kila siku, kwa miezi, mbwa huyu hageuki kuwa mtulivu. Anakuwa mkali zaidi. Baada ya muda anabwekea hata jani likianguka. Ndivyo mishipa ya maumivu inavyokuwa kwa mtu huyu: imekuwa nyepesi kushtuka, na ule uwezo wa ubongo wenyewe wa kupunguza maumivu umelegea. Jua kidogo, kukosa usingizi kidogo, kelele za basi, yote sasa yanaleta maumivu. Mfano wa mbwa hauelezi kila kitu, na wataalamu wangali wanachunguza ndani ya ubongo hasa kunatokea nini. Lakini unatosha kuelewa mwendo wake.

Juu ya hayo kuna jambo la pili. Mwili uliozoea dawa kila siku, dawa ikiisha, hulalamika. Malalamiko yake ni kichwa kuuma. Mtu anameza tena, malalamiko yanakoma, na kesho yanarudi. Hivyo anaona kwa macho yake kuwa dawa inamponya. Kweli inamtuliza, lakini inatuliza maumivu ambayo sehemu yake imeletwa na kidonge cha jana.

Hili ndilo jibu kwa wale wanaotuuliza, "Mbona nikimeza napata nafuu? Dawa inayonipa nafuu itakuwaje chanzo?" Mvutaji wa tumbaku naye akikosa sigara hukasirika na kutetemeka, akivuta anatulia. Je, tutasema tumbaku ni dawa ya hasira? Nafuu ya saa nne haikuonyeshi hali ya mwezi mzima. Ndiyo sababu ya kuhesabu siku.

Wengine huuliza swali zuri zaidi. Wanasema, "Babu yangu anameza dawa ya magoti kila siku, miaka mitano sasa, na kichwa hakimwumi. Mbona?" Ni kweli. Watu ambao hawakuwa na ugonjwa wa kichwa tangu awali, wakimeza dawa za maumivu kwa ajili ya viungo au mgongo, kwa kawaida hawapati ugonjwa huu wa kichwa. Kidonge hakipandi maumivu katika kichwa kisichokuwa na mbegu. Wanaopata ni wale waliokuwa tayari na kipandauso, au yale maumivu ya kubana kama kichwa kimefungwa kamba. Kwao dawa nyingi ni kama mvua juu ya magugu. (Babu huyo wa magoti naye asijisifu mno. Dawa za jamii ya diklofenaki na aspirini zikimezwa kila siku huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Lakini hiyo ni habari nyingine.)

Jambo hili si la kubuni jana. Mwaka 1951 waganga wawili wa Amerika, Peters na Horton, waliandika habari za wagonjwa wa kipandauso waliokuwa wakitumia mno dawa iitwayo ergotamini. Kichwa kiliwauma zaidi na zaidi. Walipoacha waliteseka siku chache, kisha wakapata nafuu. Baadaye ilionekana kuwa si ergotamini tu. Hata vidonge vya kawaida vya dukani hufanya vivyo hivyo.

Turudi kwa Mama Rehema. Tabibu alimpa kazi moja kwanza. Alimwambia achukue kalenda ya ukutani. Siku kichwa kikiuma aandike herufi K. Siku akimeza dawa yo yote ya maumivu aandike D. Asibadilishe kitu kingine. Mwezi wa Novemba wenye siku 30 ulipokwisha, mama alihesabu. K zilikuwa 24. D zilikuwa 21. Yeye mwenyewe alishangaa, maana alidhani D hazifiki kumi.

Tabibu akamwambia aache. Hapa panahitaji kuelezwa sababu, maana kumwambia mtu mwenye maumivu atupe dawa ni kama kumwambia mwenye njaa amwage uji. Sababu ni hizi. Maadamu anameza kila siku, hakuna awezaye kujua maumivu yapi ni ya kipandauso na yapi ni ya vidonge. Tena, dawa nzuri za kuzuia kipandauso mara nyingi hazifanyi kazi vizuri kwa mtu anayeendelea kumeza vidonge vya maumivu kila siku. Na hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha ugonjwa huu. Njia ya kuujua kwa hakika ni kuacha na kutazama kalenda. Kuacha ni matibabu, na kuacha ni kipimo.

Je, mtu hawezi kupunguza kidogo kidogo? Kwa panadoli, aspirini na nyingine za namna hiyo, waganga wengi hushauri kukata mara moja. Kupunguza pole pole kunasaidia baadhi ya watu, lakini kunamwacha mtu katika majaribu kila siku. Lakini sikiliza vizuri hapa: anayetumia kodeini, tramadoli au dawa za usingizi kwa muda mrefu asikate mwenyewe nyumbani. Mwili wake unaweza kupata misukosuko ya hatari. Huyo lazima apunguze chini ya uangalizi wa mganga. Na mtu aliyepewa aspirini ndogo ya kila siku kwa ajili ya moyo asiiache, wala mwenye presha asiache dawa zake za presha. Tunasema dawa za kutuliza maumivu ya kichwa, si dawa zote zilizomo nyumbani.

Mama Rehema alichagua siku zake. Alijua kuna siku kama kumi za taabu mbele yake. Alingoja mavuno ya maharage yaishe, akapatana na mdogo wake amsaidie vitumbua kwa wiki mbili. Vidonge vilivyobaki alimpa mumewe avirudishe zahanati. Chai hakuiacha. Aliendelea na vikombe vyake viwili kama kawaida, maana kukata chai ghafla nako huleta kichwa, naye hakutaka kuchanganya mambo.

Siku ya kwanza ilikuwa kama siku nyingine. Siku ya pili kichwa kiliuma kupita alivyopata kuumwa. Siku ya tatu alitapika mara mbili na hakulala. Usiku ule mumewe alishindwa kuvumilia.

"Mama Rehema, niende nikakununulie hata kimoja?"

"Hapana, Baba Rehema. Nikimeza leo, hizi siku tatu nitakuwa nimeumwa bure."

Alisema kweli. Maumivu ya siku hizi ni yale yaliyotabiriwa. Kwa wengi huchukua siku 2 mpaka 10, na kwa walioacha vidonge vya kawaida huelekea kuwa karibu na siku 10. Kichefuchefu, kukosa usingizi, wasiwasi na hasira huja pamoja nayo. Asiyeambiwa mapema hudhani ugonjwa umezidi, akakimbilia duka. Hapo ndipo wengi hushindia. Tabibu alikuwa amempa mama dawa ya kuzuia kutapika. Mengine yalikuwa maji ya kutosha, uji kwa saa zake, kitambaa chenye maji baridi, na chumba chenye giza. Siku ya sita maumivu yalilegea. Siku ya tisa alilala usiku kucha.

Zahanati nyingine, au hospitali, humpa mgonjwa dawa ya kuzuia kipandauso wakati ule ule anapoacha, kama amitriptilini usiku au propranololi. Hiyo ni njia nzuri, na kwa wengi inafaa kuianza mapema. Dawa hizi humezwa kila siku kwa miezi, kwa kipimo cha mganga. Si za kutuliza maumivu, na hazileti ugonjwa huu. Lakini propranololi haimfai mwenye pumu, kwa hiyo usiazime ya jirani. Zahanati ya Mama Rehema haikuwa nazo wakati ule, naye akaamua kuacha kwanza.

Kalenda ikaendelea. Mwezi wa kwanza tangu aache, K zilikuwa 17 na D hakuna. Ukizitazama hizo 17 tu utasema alijisumbua. Lakini nyingi zilikuwa mwanzoni mwa mwezi. Mwezi wa pili K zilikuwa 9. Mwezi wa tatu zilikuwa 5. Na zile K tano zilikuwa na sura ya zamani: upande mmoja, mwanga unachoma, siku moja au mbili, basi. Kipandauso chake cha usichana kilikuwa kimerudi, na sasa kingeweza kutibiwa kama kipandauso.

Hakupona kipandauso. Tusimdanganye msomaji. Kuacha vidonge kunaondoa yale maumivu yaliyoongezwa na vidonge. Ugonjwa wa asili unabaki. Wako pia wanaoacha kwa miezi miwili mizima na kalenda isibadilike. Hao warudi kwa mganga, maana chanzo chao ni kingine, au wanahitaji dawa ya kuzuia.

Sasa Mama Rehema ana ruhusa ya kumeza tena, kwa kanuni. Kipandauso kikianza, anameza vidonge viwili vya panadoli mara moja, asingoje mpaka kimshinde. Lakini hapiti siku mbili kwa wiki. Hamezi kwa kuogopa maumivu ambayo hayajaja. Na D zinaandikwa kalendani kama zamani, maana wengi walioacha hurudia, hasa katika mwaka wa kwanza. Hurudia bila kujua, kidonge kimoja leo, kimoja keshokutwa. D zikifika 8 katika mwezi anakwenda zahanati, hangoji zifike 15.

Kabla ya kujaribu lo lote kati ya haya, mtu lazima ajue kuwa kichwa chake si cha hatari. Nenda zahanati au hospitali mara moja, usikae kuhesabu siku, kama kichwa kimekuja kwa ghafla kama radi, na hujapata kuumwa hivyo. Vivyo hivyo kama pana homa na shingo imekakamaa, kama umechanganyikiwa au umepata degedege, kama mkono umelegea, mdomo umepinda au macho hayaoni vizuri, au kama uligonga kichwa. Mama mjamzito, au aliyejifungua karibuni, anayeumwa kichwa na kuvimba uso au kuona giza, apelekwe siku ile ile. Na mtu aliyepita miaka 50 ambaye hakuwa na ugonjwa wa kichwa, kisha ukamwanza sasa, apimwe kwanza.

Kama huna dalili hizo, na kichwa ni cha kila mara, anza na kalenda. Ikikosekana, chora mistari katika daftari, siku 30 au 31. Andika K na D kwa mwezi mmoja bila kujidanganya, hata siku uliyopewa kidonge na jirani sokoni. Nenda na daftari hilo zahanati. Tabibu akiliona hana haja ya kukisia, na atakuuliza maswali ambayo asingekuuliza.